Pango moja, hesabu mbili: kiwango rahisi cha uhasibu kinavyomhudumia mwenye kiwanda cha mikate

Mama mmoja mwenye kiwanda cha mikate katika Eneo la Viwanda, Nairobi, alinijia na faili la hesabu ambalo benki ilikuwa imemrudishia. Aliomba mkopo wa kununua tanuri jipya, na afisa wa mikopo akapiga mstari kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa sera za uhasibu. Pale paliandikwa kwamba kampuni "inatambua haki ya kutumia majengo iliyokodi kama mali, na deni la pango kama dhima, kwa mujibu wa IFRS 16", kiwango cha kimataifa cha mikataba ya kukodi. Ukifungua mizania, mali hiyo haimo, na deni hilo halimo. Pango lote limewekwa kwenye matumizi ya mwaka kama ilivyokuwa siku zote. Pembeni afisa ameandika swali moja: hesabu hizi zinafuata kiwango gani?

"Kijana, mimi naoka mikate," akaniambia. "Hayo mambo ya viwango nilimwachia mhasibu."

Mhasibu wake wa zamani alikuwa amenakili kurasa za sera kutoka kwa hesabu za kampuni kubwa, akabadilisha jina tu. Nimeliona kosa hili mara nyingi, na chanzo chake ni kimoja: watu hawajui kwamba Kenya ina njia mbili halali za kuandaa taarifa za fedha za kampuni binafsi, na kwamba lazima uchague moja ukae nayo.

Njia ya kwanza ni viwango kamili vya kimataifa, IFRS, ambavyo Kenya ilianza kuvitumia mwaka 1999. Ya pili ni kitabu kimoja kinachojitegemea, kilichotolewa Julai 2009 na bodi ileile iliyoko London, IASB. Jina lake kwenye jalada ni IFRS for SMEs, yaani IFRS kwa biashara ndogo na za kati; mimi nakiita kiwango rahisi. Kina sehemu 35, na toleo la kwanza lilikuwa na kurasa kama 230, wakati viwango kamili vinajaza maelfu ya kurasa. ICPAK, taasisi ya wahasibu wetu, ilikikubali mapema kitumike hapa nchini. Kikafanyiwa marekebisho mwaka 2015, na Februari 2025 likatoka toleo la tatu, ambalo nitalirudia mwishoni.

Jambo la kwanza linalowachanganya watu ni lile neno "ndogo". Sheria ya Kampuni ya 2015 inapoeleza kampuni ndogo, inaangalia ukubwa wake. Kiwango rahisi hakiangalii ukubwa hata kidogo. Hakuna kiasi cha mauzo ambacho ukikivuka unafukuzwa, wala idadi ya wafanyakazi. Kinachoulizwa ni hiki: je, kuna umma ambao pesa zao ziko mikononi mwako, na ambao hawana namna ya kukudai maelezo isipokuwa kusoma hesabu zako?

Jibu likiwa ndiyo, lazima utumie viwango kamili, hata ukiwa na ofisi ya chumba kimoja. Na ndiyo hiyo hupatikana kwa njia mbili. Ama hisa au hati zako za mkopo zinauzwa sokoni, au uko mbioni kuziingiza huko. Kwa hiyo kampuni iliyoorodheshwa GEMS, ule upande wa Soko la Hisa la Nairobi uliofunguliwa 2013 kwa ajili ya kampuni zinazokua, haiwezi kujificha nyuma ya udogo wake. Au basi biashara yako yenyewe ni kuwatunzia watu wengi pesa zao: benki, bima, mifuko ya uwekezaji, na sacco zinazopokea amana. Hapa kwenye sacco ndipo ninapobishana na watu kila mwaka. Mwenyekiti atakuambia, "Sisi ni wadogo, wanachama mia tatu tu." Udogo haumsaidii. Kama kazi ya sacco ni kuchukua akiba za watu na kuzikopesha, imewajibika kwa umma. Na hata kama sheria ya nchi ingeiruhusu kutumia kitabu kile, kitabu chenyewe kinakataa isiandike kwamba inakifuata.

Upande wa pili kuna wale wanaoogopa bure. Wakala wa nyumba kule Ngara anashika amana za wapangaji. Shule inashika karo iliyolipwa mapema. Kampuni ya safari inashika pesa za watalii wa mwezi ujao. Wote hawa wanashika pesa za wengine, lakini ni kwa sababu tu kazi yao nyingine inahitaji hivyo, na kitabu kinawataja kwa mfano kwamba hilo peke yake haliwafungi. Kampuni tanzu nayo inaweza kutumia kiwango rahisi katika hesabu zake yenyewe hata kama mama yake yuko kwenye soko la hisa, ilimradi yenyewe haina umma inaowajibika kwao.

Kiwanda cha mikate kina wenye hisa wawili, mama na mumewe, na wasomaji wa hesabu zake ni benki, KRA, na labda muuza unga anayetaka kujua kama atalipwa. Hawa wote wanaweza kuinua simu na kuuliza. Ndiyo sababu ya msingi ya kiwango rahisi kuwepo. Mwekezaji wa Nairobi anayenunua hisa za kampuni iliyoorodheshwa hana simu ya mkurugenzi wa fedha. Ana karatasi tu, kwa hiyo karatasi lazima ziseme karibu kila kitu. Afisa wa mikopo anataka kujua mambo machache: pesa inaingia, inatoka, madeni ni kiasi gani, na mwaka ujao utalipa kwa pesa gani. Kumlazimisha mama huyu kukadiria thamani ya kila kitu kila mwaka ni kumlipisha mhasibu kwa maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Sasa turudi kwenye pango, kwa sababu ndipo tofauti ya vitabu viwili inapoonekana waziwazi kuliko mahali pengine, na ndipo kalamu nyekundu ilipopita.

Godauni yake inalipiwa shilingi 200,000 kwa mwezi, yaani milioni 2.4 kwa mwaka. Mkataba ni wa miaka mitano na miezi mitatu. Anayekodisha Nairobi anaijua hiyo miezi mitatu: wenye majengo wengi huiongeza ili mkataba uvuke miaka mitano, kwa sababu chini ya Sura ya 301 ya sheria zetu, duka au hoteli yenye mkataba usiozidi miaka mitano humpa mpangaji ulinzi wa Mahakama ya Upangaji wa Biashara, na mwenye jengo hataki. Mimi nitaiacha hiyo miezi mitatu isitusumbue, nitachukulia miaka mitano, pango lisilopanda, linalolipwa mwisho wa mwaka.

Kwa kiwango rahisi, sehemu ya 20, swali la kwanza ni kama mkataba huu unamhamishia mpangaji karibu faida na hatari zote za kumiliki jengo. Haumhamishii. Baada ya miaka mitano godauni inarudi kwa mwenyewe ikiwa na miaka mingi ya kutumika, na hakuna bei ya kuinunua mwishoni. Basi ni kukodi kwa kawaida. Kila mwaka unaandika milioni 2.4 kwenye matumizi, kwisha. Mizania haiguswi.

Kwa viwango kamili mambo yalibadilika tarehe 1 Januari 2019, IFRS 16 ilipoanza kazi. Kwa mpangaji, ule mgawanyo wa kukodi kwa kawaida na kukodi kunakofanana na kununua uliondolewa karibu wote, isipokuwa kwa mikataba isiyozidi miezi kumi na miwili na vitu vya bei ndogo. Siku unayokabidhiwa ufunguo unahesabiwa kama mtu aliyenunua haki ya kukaa humo miaka mitano kwa mkopo. Mkopo huo ni kiasi gani? Unachukua malipo matano ya milioni 2.4 na kuyarudisha kwenye thamani ya leo kwa riba ambayo benki ingekutoza. Tuseme asilimia 14. Inatoka shilingi 8,239,394. Kiasi hicho kinaingia upande wa mali kama haki ya kutumia jengo, na kiasi hichohicho upande wa madeni.

Mwaka wa kwanza ukiisha, haki ile inachakaa kwa mafungu matano yaliyo sawa, kila fungu 1,647,879. Deni nalo linazaa riba ya asilimia 14, yaani 1,153,515. Ukijumlisha, gharama ya mwaka wa kwanza ni shilingi 2,801,394, wakati aliyotoa mfukoni ni ileile milioni 2.4. Mwaka wa tano riba imeshuka hadi 294,737 kwa sababu deni limepungua, na gharama ni 1,942,616. Jumlisha miaka yote mitano kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, utapata milioni 12 kamili. Hakuna senti iliyoongezeka wala kupotea. Kilichobadilika ni mwaka gani unabeba mzigo zaidi, na kama deni linaonekana kwenye mizania.

Na hilo la pili ndilo lenye uzito benki. Mtaji wa wenye kampuni ni milioni 12, na mkopo wa zamani uliobaki ni milioni 6. Kwa kiwango rahisi, kila shilingi ya mtaji imebeba deni la senti hamsini. Ukiongeza deni la pango la milioni 8.24, inakuwa shilingi moja na senti kumi na tisa. Ni kiwanda kilekile, tanuri zilezile, mikate ileile alfajiri. Afisa anayesoma hesabu za wateja wawili, mmoja kwa kitabu hiki na mwingine kwa kile, akiwalinganisha bila kujua, atamwona mmoja amezama kwenye madeni bure.

Je, kiwango rahisi kinaficha deni? Wakosoaji husema hivyo, na kwa kampuni zinazokodi ndege au maduka mia moja hoja yao ina nguvu. Kwa kiwanda hiki siikubali. Sehemu ya 20 inadai uandike, kwenye maelezo ya hesabu, pango ambalo mkataba unakubana kulilipa bila njia ya kutoka: ya mwaka unaokuja, ya mwaka wa pili hadi wa tano, na ya zaidi ya hapo. Mwisho wa mwaka wa kwanza mama huyu ataandika milioni 2.4 kwa mwaka unaofuata na milioni 7.2 kwa ile mingine mitatu. Afisa yeyote mwenye kikokotoo atajifanyia hesabu yake. Hesabu za mhasibu wa zamani hazikuwa na maelezo hayo. Kwa hiyo zilikuwa zimeshindwa kwa vitabu vyote viwili: deni halikuwekwa kwenye mizania kama IFRS 16 inavyotaka, wala pango la miaka ijayo halikutajwa kama sehemu ya 20 inavyotaka.

Kuna mtego mmoja kwenye njia rahisi ambao haumo kwenye mfano wangu, kwa sababu nilisema pango halipandi. Mikataba mingi mjini hupandisha. Chukua pango linaloanza milioni 2.2 kwa mwaka na kupanda asilimia 10 kila baada ya miaka miwili. Miaka mitano italeta jumla ya milioni 11.902. Kanuni ya kawaida inataka ugawanye sawasawa, 2,380,400 kila mwaka, hata kama mwaka wa kwanza umelipa milioni 2.2 tu, zile 180,400 za ziada zinakaa kama dhima hadi miaka ya mwisho izimeze. Wahasibu wengi wanaandika walicholipa bila kufikiri. Lakini kitabu kinatoa mlango: kama nyongeza imepangwa kufuata mfumuko wa bei unaotarajiwa, kwa takwimu zilizochapishwa, ili kumfidia mwenye jengo gharama zake, unaweza kuandika unacholipa. Asilimia 10 kwa miaka miwili ni kama asilimia 4.9 kwa mwaka, na Benki Kuu ya Kenya inalenga mfumuko wa asilimia 5. Hoja ipo, ila iandikwe kwenye faili la kazi, isibaki kichwani. Nyongeza ya asilimia 10 kila mwaka haipiti kwenye mlango huo.

Mbali na pango, kuna mahali pachache ambapo kiwango rahisi kinaamua kwa niaba yako badala ya kukupa mtihani. Tanuri jipya likijengwa papo hapo kwa mwaka mzima kwa mkopo wa milioni 10, riba yake ya milioni 1.4 inaingia kwenye matumizi ya mwaka huo. Viwango kamili vingeitaka iingizwe kwenye gharama ya tanuri, ichakae nalo. Pesa za kubuni aina mpya ya mkate, kwa kiwango rahisi, zote ni matumizi. Kwa viwango kamili kuna masharti sita, na ukiyatimiza lazima hatua ya mwisho ya ubunifu uiweke kama mali. Ukinunua biashara ya mwenzio na kulipa zaidi ya thamani ya vitu vyake, ile ziada ya jina na wateja inapunguzwa kila mwaka kwa muda wa manufaa yake, na kama huwezi kuukadiria muda huo, usizidi miaka kumi. Kampuni kubwa haipunguzi. Inafanya jaribio la thamani kila mwaka, zoezi ambalo kwa kiwanda hiki lingegharimu zaidi ya faida yake. Mapato kwa kila hisa, na taarifa za kila kitengo cha biashara, kitabu rahisi hakizigusi kabisa.

Utaona mwelekeo: mara nyingi njia rahisi inapeleka gharama kwenye matumizi mapema na faida inaonekana ndogo kidogo. Mama aliniuliza kama hapo atalipa ushuru mdogo. Hapana. KRA inaanzia kwenye faida ya vitabu, kisha inarekebisha: uchakavu wa vitabu unarudishwa, na badala yake unapewa punguzo la mtaji kwa viwango vya sheria ya kodi ya mapato. Chaguo la kitabu linabadilisha urefu wa jedwali la marekebisho, na ushuru ulioahirishwa. Anayekuuzia kiwango rahisi kama njia ya kupunguza ushuru anakudanganya.

Kitu ambacho huwezi kufanya ni kuokota. Huwezi kuchukua pango kutoka kitabu rahisi na riba ya tanuri kutoka viwango kamili kwa sababu mizania inapendeza hivyo. Jambo likiwa limeelezwa kwenye kitabu rahisi, unalifuata. Likiwa halimo kabisa, unaruhusiwa kuchungulia viwango kamili upate mwongozo, lakini hulazimiki. Na maelezo ya hesabu lazima yatamke wazi, bila "isipokuwa", kwamba zinafuata kiwango kile. Ukipewa hesabu za mtu, anzia kwenye sentensi hiyo. Kisha shuka kwenye sera: ukikuta haki ya kutumia majengo, au hasara zinazotarajiwa kwa wadeni wa biashara, chini ya kichwa kinachotaja kiwango rahisi, ujue umeshika nakala ya mtu mwingine.

Kwa mama wa mikate tulifuta aya tatu za IFRS 16, tukaandika moja, tukaongeza lile jedwali dogo la pango, na sentensi ya kiwango ikakaa ukurasa wa kwanza wa maelezo. Mkaguzi akasaini upya.

"Na hilo toleo jipya unalolisema," akaniuliza siku ya kuchukua faili, "litaniletea tena hayo ya jengo?"

Halitaleta. Toleo la tatu linaanza kazi kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027, na bodi iliamua kutokuingiza IFRS 16 humo. Kitakachomgusa ni sehemu ya 23, ya mapato, ambayo imeandikwa upya kwa hatua tano zilizokopwa kwenye viwango kamili. Yeye anauzia supamaketi, na supamaketi zinarudisha mikate iliyokauka na kudai punguzo zikifikisha kreti fulani kwa mwezi. Atatakiwa kukadiria marejesho hayo na punguzo hizo wakati wa kuuza, asingoje lori lirudi. Hesabu za 2027 zitabeba pia tarakimu za 2026 pembeni. Nikamwomba aanze kuandika kwenye daftari, kila siku, kreti zilizotoka na kreti zilizorudi, kwa jina la kila duka.